Paa linalovunjika kwenye mshono wa monita

"Shikamoo kaka. Nina monita tatu za inchi 27, aina moja, 1080p, nimezifunga mbele ya usukani. Kikokotoo cha mtandaoni kiliniambia FOV yangu ni 53. Nimeiweka kwenye mchezo wa mbio wa Assetto Corsa lakini dunia inaonekana ndogo na iko mbali. Kwenye monita za pembeni magari yanavutika, na mistari ikifika kwenye fremu inakatika, halafu inaendelea mahali pengine. Pembe nimeweka 45 kwa sababu wengi wanasema hivyo. Nimekosea wapi?" (Msomaji, Mwanza)

Marahaba, mdogo wangu. Tuanze na ile 53 ya FOV, yaani uwanda wa kuona, maana ndiyo inayokuumiza zaidi na ndiyo nyepesi kuirekebisha. Kikokotoo hakikukudanganya. Kilikupa pembe ya mlalo, yaani kutoka ukingo wa kushoto wa kioo hadi ukingo wa kulia. Assetto Corsa inataka pembe ya wima, kutoka ukingo wa juu hadi wa chini. Ulipoandika 53, mchezo ulielewa kwamba kimo cha kioo chako kinajaza nyuzi 53 machoni pako. Kwa umbo la 16:9 hiyo ni sawa na nyuzi 83 za mlalo kwa monita moja. Nyuzi 83 za dunia zimeshindiliwa ndani ya kioo ambacho kwa macho yako kinajaza 53 tu, ndiyo maana gari la mbele linaonekana liko mbali na kona zinakufikia kabla hujazitarajia. iRacing yenyewe hutumia pembe ya mlalo, kwa hiyo ungeandika 53 ileile huko na ingekaa sawa. Kabla ya kunakili namba ya uwanda wa kuona kutoka mchezo mmoja kwenda mwingine, jua kwanza ni ya mlalo au ya wima.

Sasa twende kwenye kiini. Fikiria umekaa sebuleni mbele ya madirisha matatu yaliyopangana, na nje kuna mwembe mkubwa. Nguzo ya ukuta kati ya dirisha na dirisha inaficha kipande cha tawi, lakini hailisukumi tawi pembeni. Tawi linaingia nyuma ya nguzo upande huu na kutokea upande wa pili pale pale linapotakiwa. Ukiegemea kulia, vipande vinavyofichwa vinabadilika. Monita zako zinatakiwa zifanye kazi hiyohiyo, ila zenyewe hazijui umekaa wapi wala nguzo ina unene gani. Ni wewe wa kuuambia mchezo vitu vinne: jicho liko umbali gani kutoka kioo cha kati, picha ina upana gani, kati ya picha na picha kuna pengo gani, na monita za pembeni zimekunjwa kwa nyuzi ngapi. Vyote vinne vinapimwa kwa futi ya utepe kwenye vitu ulivyonavyo chumbani. Hakuna hata kimoja kinachochaguliwa kwa kuwa wengi wanasema hivyo.

Umbali wa jicho ndio watu wanaukosea kuliko vyote. Mtu anakaa wima, anashika utepe mwenyewe, anaupeleka kwenye paji la uso na kuandika namba. Akianza kuendesha, mgongo unaegemea kiti, kidevu kinashuka, na jicho limesharudi nyuma sentimita tano au zaidi. Kaa kama unavyokaa kwenye mbio: mgongo kwenye kiti, mikono kwenye usukani, mguu kwenye pedali. Mtu mwingine ashike utepe na kupima kutoka kona ya nje ya jicho lako moja kwa moja hadi usawa wa kioo cha kati, utepe ukiwa mlalo. Apime mara mbili, na katikati ya vipimo hivyo uinuke na kukaa upya. Kwa inchi 27, jibu la 53 hupatikana umbali ukiwa sentimita 60, kwa hiyo nadhani 60 ndiyo uliyompa kikokotoo na nitafanya hesabu zote kwa namba hiyo. Ukipima upya ukapata nyingine, badilisha.

Upana wa picha nao usiuchukue kwenye karatasi ya dukani. Washa ukurasa mweupe ujaze kioo chote, kisha pima sehemu inayowaka tu. Kwa inchi 27 ya 16:9 utakuta karibu sentimita 59.8 kwa upana na 33.6 kwa kimo. Hapo hapo ndipo utakapoona kwamba monita inayouzwa kwa jina la "isiyo na fremu" ina fremu. Plastiki yenyewe ni nyembamba, lakini ndani yake kuna utepe mweusi wa kioo usiowaka, na kwa macho yako huo nao ni fremu. Ukiwa na monita mbili zimegusana, pengo la kweli ni kutoka pikseli ya mwisho inayowaka upande huu hadi pikseli ya kwanza inayowaka upande wa pili. Tuchukue kwamba kila upande una milimita 8 zisizowaka. Pengo ni sentimita 1.6, na monita nzima ina upana wa 61.4.

Kwa vipimo hivyo hesabu ya uwanda wa kuona ni fupi:

```
mlalo = 2 × atan( (59.8 / 2) / 60 ) = 53.0°
wima  = 2 × atan( (33.6 / 2) / 60 ) = 31.3°
pembe = 2 × atan( (61.4 / 2) / 60 ) = 54.2°
```

Ukitumia kikokotoo cha simu, ilaze simu ili alama ya `tan⁻¹` itokee, na hakikisha kiko kwenye `DEG`. Ukipiga mstari wa kwanza na kabla ya kuzidisha mara mbili ukaona 0.46 badala ya 26.5, basi kiko kwenye `RAD`.

Ile 31 ndiyo namba ambayo Assetto Corsa ilikuwa inaitaka. Mstari wa tatu ndio unaohusu kunja. Nyuzi 54 ni kunja ambalo linaweka vioo vyote vitatu katika umbali mmoja kutoka jichoni, kila kimoja kikikutazama uso kwa uso. Angalia kwamba nimetumia upana wa monita pamoja na fremu, kwa sababu kinachokunjwa ni chuma na plastiki, siyo picha. Ukikunja hivyo, kutoka ukingo wa kushoto kabisa hadi wa kulia kabisa unapata karibu nyuzi 161.

Hiyo haina maana kwamba 45 ni kosa. Kama chumba ni chembamba, au mlango unagonga monita ya kulia, unaweza kuziacha kwenye 45 na picha ikawa sahihi kabisa, mradi mchezo uambiwe 45 na monita ziwe kwenye 45 kweli. Utakachopoteza ni sehemu ya uwanda wa pembeni, na vioo vya pembeni utavitazama kwa mshazari kidogo, jambo ambalo kwenye monita za bei nafuu hufifisha rangi. Kosa ni kuandika 45 kwenye mchezo wakati stendi iko kwenye 38, au kuandika 54 kwa kuwa kanuni imesema 54 huku monita zimebaki kwenye 45. Mchezo unataka kujua fanicha yako ilivyokaa.

Je, utajuaje kwamba ziko kwenye 54? Watu wengi wanaweka simu juu ya monita na kutumia dira. Stendi ni ya chuma, spika zina sumaku, na moota ya usukani ina sumaku kubwa zaidi. Dira itakupa namba, na namba hiyo haina thamani. Tumia utepe. Pima mdomo wa mpangilio wako, yaani kutoka ukingo wa nje wa monita ya kushoto hadi ukingo wa nje wa monita ya kulia, ukikatiza hewani mbele ya kifua chako:

```
mdomo = W + 2 × W × cos(pembe)
W = 61.4, pembe = 54.2°  →  133.2 cm
W = 61.4, pembe = 45°    →  148.2 cm
```

Napenda kipimo hiki kwa sababu kina hisia kali. Karibu na nyuzi 54, kila unapokunja nyuzi moja zaidi, mdomo unapungua kama sentimita 1.7. Hilo unaliona kwa utepe wa fundi cherehani. Ukipima badala yake jinsi ukingo wa nje ulivyokuja mbele ya kioo cha kati, nyuzi moja ni karibu milimita 6 tu, na mkono ukitetemeka tayari umekosea. Lakini mdomo peke yake haukwambii kama monita moja imekunjwa 50 na nyingine 58, maana jumla inaweza kutoka sawa. Kwa hiyo baada ya mdomo, pima pia mishazari miwili: kutoka ukingo wa nje wa kushoto hadi mshono wa kulia, kisha kutoka ukingo wa nje wa kulia hadi mshono wa kushoto. Namba mbili zikilingana, pande zote mbili zimekunjwa sawa.

Kuhusu stendi nitasema machache. Miguu ya monita inayokuja nayo ndani ya boksi hugongana ukianza kukunja, kwa hiyo utahitaji kufunga kwa matundu manne ya nyuma, ambayo kwa inchi 27 mara nyingi yako milimita 100 kwa 100. Fundi wa kuchomelea akikutengenezea stendi ya skwea paipu yenye bawaba mbili, mwambie stendi isiungane na fremu ya kiti wala ya usukani. Usukani wenye nguvu ukitikisa stendi, picha inacheza na mishono inafunguka taratibu hadi vipimo vyako vinakuwa vya mwezi uliopita.

Kinachofuata ni kuzilinganisha kwa urefu, na hapa Windows yenyewe itakusaidia. Kabla ya kuunganisha monita ziwe skrini moja, ziache zikiwa skrini tatu zilizopanuliwa na uonyeshe upau wa kazi kwenye zote tatu. Kwa kuwa monita ni aina moja na pikseli ni zilezile, ukingo wa juu wa upau huo uko kwenye pikseli ileile kila mahali. Piga magoti hadi jicho liwe usawa wa upau, uangalie kwenye mshono. Upau wa kushoto ukiwa juu kwa milimita 3, utauona kama ngazi. Ukianza sawa kwenye mshono halafu ukapanda kuelekea nje, monita imezunguka kwenye skrubu zake. Sakafu ikiwa imeinama, pimamaji litakwambia stendi nzima imeinama, lakini kinachohitajika zaidi ni monita tatu kukubaliana zenyewe kwa zenyewe. Anza na ya kati, iwe mbele ya usukani katikati kabisa, kisha mbili za pembeni zifuate.

Bado kuna urefu wa jicho. Michezo mingi, ikiachwa ilivyo, inachora upeo wa macho katikati ya kimo cha kioo na kuchukulia kwamba jicho lako liko usawa huo. Kama jicho lako liko sentimita 108 kutoka sakafuni, katikati ya picha pawe 108, yaani ukingo wa chini unaowaka uwe kwenye 91. Jicho likiwa juu ya katikati, mstari wa upeo wa macho, ambao ungetakiwa uwe kama uzi ulionyooka, unaonekana kuinuka kila unapofikia mshono na kushuka tena katikati ya kila kioo. Sababu ni kwamba mshono uko mbali zaidi na jicho kuliko katikati ya kioo, na kitu kilicho chini ya jicho kikisogea mbali huonekana kupanda. Likiwa chini ya katikati, unashuka kwenye mishono. Ukiona hivyo usiguse pembe wala fremu. Jicho likiwa chini, pandisha kiti au shusha monita; likiwa juu, fanya kinyume. Kama usukani unakuzuia kushusha, tafuta kwenye mchezo sehemu ya kusogeza picha juu au chini kwa wima.

Sasa ile hali ya magari kuvutika. Inatokea pale mchezo unapochora picha moja ndefu ya bapa, kana kwamba una skrini moja ya pikseli 5760 kwa 1080 iliyonyooka ukutani, kisha wewe ukaikunja. Picha ya bapa hupanuka kadiri inavyokwenda pembeni, na kwa nyuzi 161 upanukaji huo hauvumiliki. Dawa ni kuuambia mchezo uchore picha tatu, kila moja kwa kioo chake. Kwenye Assetto Corsa chagua `Triple Screen` badala ya skrini moja. Kwenye iRacing ni chaguo la kuchora kwa `3 projections`. Ukiwasha, ndipo utaulizwa vile vitu vinne. Soma vizuri kama vinatakiwa kwa sentimita au milimita, na kama "upana" maana yake ni picha tu au monita nzima. Kuna mchezo unaouliza vyote viwili na kujipatia fremu wenyewe kwa kutoa. Kadi ya picha itafanya kazi zaidi, kwa sababu dunia inachorwa kutoka pande tatu, kwa hiyo kama idadi ya picha kwa sekunde imeshuka, punguza vivuli na watazamaji kwanza, uache vipimo vilivyo.

Fidia ya fremu nayo ina sehemu mbili inapoweza kufanyika, na hili limewapoteza wengi. Programu ya kadi ya picha, kama NVIDIA Surround, inaweza kuifanya kabla mchezo haujaguswa: inakuonyesha michoro inayokatiza mishono, nawe unaisogeza hadi ikutane, kisha inaunda skrini kubwa kidogo kuliko ile halisi na kuficha pikseli za ziada nyuma ya fremu. Kwa monita zako, pikseli 1920 zimetandazwa kwenye sentimita 59.8, yaani karibu 32 kwa kila sentimita. Pengo la 1.6 ni pikseli 51, mishono ni miwili, kwa hiyo upana unakuwa kama 5862 badala ya 5760. Na mchezo wenye picha tatu unaweza kufanya jambo hilohilo kwa kutumia namba ya pengo.

Chagua sehemu moja tu. Mwaka jana nilifunga seti kwa kijana mmoja Tanga, na kila kitu kilipimika vizuri, lakini alilalamika kwamba gari linalompita linazama kwenye mshono wa kulia na kukawia kutokea. Nilirudia vipimo vyote, vyote vikawa sahihi. Nilitumia jioni nzima kabla ya kuangalia upana wa skrini kwenye Windows na kukuta si 5760. Fidia ilikuwa imewashwa kwenye kadi tangu zamani, nami nikaiongeza tena kwenye mchezo, kwa hiyo sentimita 1.6 zikawa 3.2. Tangu siku hiyo naanza kwa kusoma namba hiyo. Ushauri wangu ni kuifanya ndani ya mchezo ikiwa mchezo unaweza, na kadi ibaki kwenye 5760 tupu. Eneo-kazi linabaki safi, na kila mchezo unapewa vipimo vyake. Fidia ya kadi iache kwa mchezo usioweza kujifidia wenyewe.

Ukishaweka namba zote, usiamini picha mpaka umeijaribu. Mimi natumia kijiti kilichonyooka, rula ya sentimita 30 inatosha. Kwenye Assetto Corsa chukua gari lisilo na paa, Lotus 49 kwa mfano, ili usizibwe na nguzo za kioo cha mbele. Anzisha mazoezi peke yako kwenye uwanja wenye majengo marefu ya piti, Monza au Mugello. Simama upande wa pili wa barabara, geuza gari hadi liyaelekee majengo hayo uso kwa uso, mbali kiasi kwamba ukingo wa paa unaonekana sehemu ya juu ya vioo. Kaa mkao wa mbio, funga jicho moja, nyoosha mkono, na ulaze rula mbele ya jicho ili ifuate ukingo wa paa kwenye monita ya kati. Kisha, bila kusogeza kichwa, isogeze rula hadi ivuke mshono.

Kwenye kioo cha pembeni, ukiutazama ukiwa umesimama nyuma ya kiti, ukingo wa paa unashuka kwa mshazari kama paa la mgongo wa nyumba. Huo si ubovu. Kutoka kwenye kiti, kwa jicho lako, mshazari huo na kunja la monita vinafutana, na paa linapita chini ya rula likiwa limenyooka. Nimeona watu wakiharibu mpangilio mzuri kwa sababu rafiki aliyesimama nyuma alisema "mbona limevunjika", au kwa sababu picha ya simu ilionyesha hivyo. Mpangilio huu ni sahihi kwa sehemu moja tu chumbani, na sehemu hiyo ni kichwa chako.

Kama paa halinyooki, tazama linavyokosea. Likishuka chini ya rula upande wa pembeni, mchezo unadhani monita zimekunjwa kuliko zilivyo, au unadhani umekaa karibu kuliko ulivyo. Likipanda juu ya rula, ni kinyume chake. Likipanda sana, hata kukaa mlalo kabisa kwenye kioo cha pembeni, basi ile hali ya picha tatu haijawaka na bado unatazama picha moja ya bapa. Kwa kuwa umbali na pembe huleta dalili moja, hakikisha umbali kwanza kwa utepe, kisha rekebisha pembe peke yake, nyuzi moja moja. Jaribio hili lifanye kwa mstari ulio juu sana au chini sana. Mstari ulio karibu na usawa wa macho, kama ukingo wa juu wa ukuta mfupi wa piti, utanyooka hata pembe ikiwa imekosewa kabisa, na utakupa matumaini ya uongo.

Pengo lina dalili nyingine, na halionekani kwenye mistari ya mlalo. Tafuta mstari wa mshazari unaokatiza mshono: ukingo wa njia unaokuja kuelekea kwako, au waya wa nguzo. Laza rula juu yake ikivuka fremu. Bila fidia, mstari wa nyuzi 45 utatokea upande wa pili ukiwa umechelewa kwa sentimita 1.6 nzima, na hicho ndicho unachokiona sasa unaposema unaendelea mahali pengine. Ukizidisha fidia, unatokea ukiwa umeshapitiliza. Ongeza au punguza milimita mbili mbili hadi vipande viwili vikae kwenye ukingo mmoja wa rula.

Ukimaliza, siku za kwanza utahisi umezibwa. Nyuzi 31 za wima zinakata dashibodi, vitu vya mbele vinaonekana vikubwa, na mkono utatamani kurudisha namba juu. Ipe jioni tatu au nne kwenye uwanja mmoja unaoujua, na uangalie unapoanza kufunga breki. Watu wengi niliowafungia walikuwa wakichelewa kufunga kabla ya kipimo sahihi, kwa sababu kona iliyochorwa ndogo humdanganya mtu kuhusu umbali.

Na ukishapata mkao, tia alama ya wino kwenye reli ya kiti, uandike 60, 54, 1.6 na 133 kwenye kipande cha tepu nyuma ya monita ya kati. Mtu mwingine akikaa na kusogeza kiti nyuma sentimita tano, ile 31 ya wima inatakiwa iwe 29, na bila alama hiyo utaanza tena kumtafuta wa kushika utepe.